Mvua ile ile, maji mara sita: kwa nini mtaro wa mtaa hautoshi tena

"Assalamu alaikum mhandisi. Nyumba yetu iko Magharibi B, hapa Unguja. Tulihamia 2008, kila upande minazi na mihogo, na masika ya miaka ile maji hayakuwahi kuingia ndani. Siku hizi mvua ya nusu saa tu mtaro unafurika na maji yanapanda hadi barazani. Wengine wanasema mvua zimezidi, wengine wanasema mtaro mdogo, na mtaa tumeanza kuchangishana tuupanue. Fundi naye ananishauri nimwage zege ua mzima maji yasituame. Nifanye lipi?"

Waalaykum salaam. La fundi nalijibu mwanzo kwa sababu ndilo la haraka: usimwage zege ua mzima. Ukanda wa mita moja kuizunguka nyumba, wenye mteremko wa kuyasukuma maji mbali na msingi, huo mwachie aumwage, na hapo ana haki. Ua uliobaki acha upumue. Sababu yake ndiyo ile ile inayojibu maswali yako mengine, kwa hiyo nivumilie nikupitishe kwenye hesabu kidogo.

Mvua ikinyesha juu ya kipande cha ardhi, sehemu inazama, sehemu inakwama kwenye majani na vishimo, na inayobaki inatiririka. Ile sehemu inayotiririka, ukiigawa kwa mvua yote iliyonyesha, unapata namba iliyo kati ya sifuri na moja, nasi tunaiita mgawo wa mtiririko. Paa la bati lina mgawo wa 0.9 hivi, maana yake katika kila lita kumi zilizoangukia bati, tisa zinashuka chini. Zege na lami ni 0.85 au zaidi. Shamba la minazi kwenye mchanga au kinongo, lenye nyasi na majani makavu chini, linaweza kuwa 0.2 au hata pungufu. Kinamo kile kizito cha mabondeni kinapanda juu zaidi ya hapo, kwa sababu hakinywi maji haraka hata kikiwa na nyasi.

Watu wengi wanakosea kwa kudhani kwamba pasipo zege ni shamba. Ua unaofagiliwa kila asubuhi, kichochoro kinachopitwa na vespa kutwa, kiwanja cha mpira cha watoto: ardhi hiyo imeshindiliwa hata matundu yake yamejifunga, na mgawo wake unafika 0.5. Na yale matofali ya saruji ya kupanga ambayo siku hizi kila mtu anayataka uani, yakipangwa juu ya kifusi kilichoshindiliwa na mianya yake ikazibwa kwa saruji, kwa maji ni zege tu lenye urembo.

Tuchukue mfano. Sijapima mtaa wako, lakini mitaa mingi ya Magharibi inafanana na huu: eneo la hekta 10 ambalo maji yake yote yanaishia kwenye mtaro mmoja. Zamani lilikuwa mashamba na nyumba chache, mgawo 0.2. Leo mapaa yamechukua asilimia 45, zege na lami asilimia 20, ardhi iliyoshindiliwa asilimia 25, na bustani na migomba iliyosalia asilimia 10. Kila sehemu ukiizidisha kwa mgawo wake kisha ukajumlisha, unapata 0.72. Eneo ni lile lile, mvua ni ile ile, ila maji yanayotiririka yamekuwa mara tatu na nusu na kidogo.

Wengi wanasimama hapo. Wanasema maji yamezidi mara tatu na nusu, basi tupanue mtaro mara tatu na nusu. Hesabu haiishii hapo, na kilichobaki ndicho kinachokuingizia maji barazani.

Mtaro haufuriki kwa sababu ya jumla ya maji ya siku nzima. Unafurika kwa kile kilele, ile dakika ambayo maji mengi kuliko yote yanapita kwa pamoja. Fikiria watu wanatoka uwanja wa Amaan baada ya mechi. Wakitoka kidogo kidogo kwa saa nzima, geti moja linatosha. Wakitoka wote kwa dakika kumi, geti lile lile linazidiwa, na idadi ya watu haijaongezeka hata mmoja.

Mvua ya mwaka 2008 ilipoangukia shamba lililo juu yako, maji yalijikokota polepole kati ya nyasi na matuta ya mihogo. Maji ya mwisho kabisa wa eneo yalihitaji kama dakika 40 kukufikia. Leo yanashuka kwenye bati, yanaingia kichochoroni, yanakamata mtaro wa zege. Mtaro wa mita 400 wenye mteremko wa nusu mita kwa kila mita mia, maji yanaukata kwa dakika nne. Ukijumlisha na muda wa bati na vichochoro, safari nzima ni dakika 15 hivi. Muda huo, wa tone la mbali kabisa kufika mdomoni mwa mtaro, ndio muda wa mkusanyiko.

Sasa ujue tabia moja ya mvua, nayo ni ya kila mahali duniani. Ikinyesha kwa nguvu sana hainyeshi hivyo kwa muda mrefu. Ndani ya mvua ya saa moja kuna dakika kumi na tano za kumwaga kama ndoo, na zilizobaki ni za kawaida. Zamani ule mmwago wa dakika 15 haukuwa tishio kwako, kwa sababu ulikwisha kabla maji ya mbali hayajafika. Ya karibu yalikuwa yameshapita, ya mbali bado yako njiani. Ili eneo zima lilete maji kwa pamoja, ilibidi mvua iendelee dakika 40, na mvua ya dakika 40 kwa wastani ina nguvu ndogo zaidi. Leo dakika 15 zinatosha kukusanya kila paa, kwa hiyo zile dakika kali kabisa ndizo zinazokupiga.

Tuweke namba. Chukua mvua nzito inayokuja mara moja kwa miaka kadhaa, na tuseme inatoa milimita 40 kwa dakika 40, sawa na milimita 60 kwa saa. Ndani yake kuna dakika 15 zinazotoa milimita 25, sawa na milimita 100 kwa saa. Namba hizi nimeziweka za mviringo ili hesabu ifuatike. Anayesanifu mtaro wa kweli huzitafuta kwenye kumbukumbu za mvua za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kanuni tunayotumia ni fupi:

Q = C × i × A / 360

Q ni mita za ujazo kwa sekunde, C ni mgawo wa mtiririko, i ni nguvu ya mvua kwa milimita kwa saa, na A ni eneo kwa hekta. Zamani: 0.2 × 60 × 10 / 360, unapata 0.33, yaani lita 330 kwa sekunde. Leo: 0.72 × 100 × 10 / 360, unapata 2.0, yaani lita 2,000 kwa sekunde. Kilele kimekuwa mara sita. Mgawo umekizidisha mara 3.6, na ile haraka ya maji ikakizidisha tena mara 1.7 juu yake.

Mtaro wa zege wa sentimita 60 kwa 60, kwa mteremko ule ule wa nusu kwa mia, ukiwa safi na umejaa hadi ukingoni, unapitisha lita 580 hivi kwa sekunde. Aliyeujenga hakukosea kwa enzi zile, aliuwekea hata nafasi ya ziada. Leo unaweza kubeba chini ya theluthi ya kinachokuja. Na ukijaa mchanga na taka hadi nusu ya kina chake, haubebi nusu. Unabeba lita 240 tu, kwa sababu maji yaliyobanwa juu ya mchanga yanaenda polepole zaidi. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya hiyo michango yenu iwe kuzoa mtaro kabla ya Machi, na tena kabla ya vuli. Haina sifa, hakuna atakayeipiga picha, lakini ndiyo yenye faida kubwa kwa kila shilingi.

Kuhusu mvua kuzidi, siwezi kukuambia kwamba hali ya hewa haibadiliki. Lakini kwa hesabu hii unaona kwamba hata kama mvua isingeongezeka kwa tone moja tangu 2008, mtaro wako ungefurika. Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu kama 594,000 kwenye sensa ya 2012, na sensa ya 2022 ikakuta kama 893,000. Watu hao wote wanalala chini ya bati, na bati lile lilikuwa shamba.

Ipo njia ya kutofautisha kwa macho. Mafuriko yanayoletwa na zege yana haraka: maji yanapanda dakika chache baada ya mvua kuanza kumwaga, na mvua ikikatika yanashuka ndani ya saa moja au mbili. Ukiona maji yanapanda taratibu baada ya siku kadhaa za mvua, kisha yanakaa wiki, hilo ni jambo jengine kabisa. Unguja upande wa magharibi una mabonde mengi yasiyo na mdomo, maji yanaingia na hayana pa kutokea ila kuzama. Bwawa la Mwanakwerekwe, ambalo kwa miaka mingi masika ikizidi lilikuwa likiifunika barabara, ni la namna hiyo. Kwenye bonde kama hilo tatizo ni jumla ya maji, kilele hakina uzito, na kupanua mtaro unaoingia humo ni kulijaza bonde haraka zaidi. Kwa maelezo yako, nusu saa na maji barazani, wewe uko kundi la kwanza. Hata hivyo angalia mtaro wenu unaishia wapi.

Niseme pia mipaka ya hesabu yangu. Mgawo wa ardhi si namba iliyochongwa. Mwishoni mwa Aprili, mvua ikiwa imenyesha wiki nzima, hata shamba la minazi limeshiba na linatiririsha maji karibu kama ua ulioshindiliwa. Kwa mvua kubwa kabisa za namna hiyo, tofauti ya mji na shamba inapungua, na hata minazi ya 2008 isingekuokoa. Zege linaumiza zaidi kwenye mvua za kawaida za kila mwaka, zile ambazo zamani ardhi ilizimeza bila wewe kujua kama zilinyesha.

Sasa kupanua mtaro. Ili ubebe lita 2,000 kwa sekunde kwa mteremko ule, unahitaji mtaro wa mita moja upana na sentimita 90 kina. Unajengeka. Lakini kabla ya kuchimba, fuateni mtaro hadi chini, mpaka unapopita chini ya barabara. Mkikuta karavati ni bomba la sentimita 60, hilo likijaa linapitisha lita 430 hivi. Mtaro wa mita moja ukimwagia karavati hilo, maji yatarudi nyuma na kutapakaa pale pale, safari hii kwa watu wa nyumba za karibu na barabara ambao pengine hawakuchanga hata senti. Mtaro hupanuliwa kutoka chini kwenda juu. Anayeanza juu anawapelekea jirani zake kilele chake, tena kwa haraka kuliko mwanzo, kwa sababu mtaro mpana na laini unafupisha muda wa mkusanyiko. Na kama mdomo wa mwisho uko baharini, kama mitaro mikubwa iliyojengwa mjini chini ya ZUSP, ule mradi wa huduma za mji wa Zanzibar, bamvua nayo ina neno lake: mvua ikigongana na maji kujaa, mtaro unasubiri bahari ishuke.

Kwa hiyo njia ya pili, kuyachelewesha maji juu yalikoanzia, nayo ina nafasi yake, na hapo ndipo nyumba yako inapoingia. Tuseme paa lako lina mita za mraba 120. Zile dakika 15 za milimita 25 zinaliangushia lita 3,000, na kama 2,700 zinafika chini. Ua wa mita za mraba 80 ukiumwagia zege unaongeza lita 1,700 nyingine. Ukibaki na nyasi au mchanga usioshindiliwa unatoa lita 400. Ukiweka gata na tangi la lita 2,000, sehemu kubwa ya kilele chako umeishika. Kwenye hekta zetu 10 zipo nyumba kama 370 za ukubwa huo. Kila moja ikishika lita 2,000, ni mita za ujazo 740, wakati dakika zile 15 zinaleta jumla ya 1,800. Yaani asilimia 40. Haliondoshi tatizo lote, na mtu akikuambia matangi peke yake yatamaliza mafuriko anakudanganya, lakini linageuza mtaro unaohitajika kuwa wa ukubwa ambao mtaa unaweza kuulipia.

Sharti moja watu hulisahau: tangi lazima liwe na nafasi mvua inapoanza. Tangi lililojaa mvua ya jana halishiki kitu leo. Wanaotaka maji ya kufulia na pia kuzuia mafuriko huweka koki mbili, moja chini kabisa na nyingine katikati. Ile ya katikati inaachwa wazi kidogo msimu mzima, iwe inachuruzika kuelekea kwenye migomba. Nusu ya chini ni akiba, nusu ya juu ni ya kupokea mvua.

Shimo la kunyonya nalo ni zuri, ila si kwa kila udongo. Chimba kishimo cha upana wa sentimita 30 na kina cha 60, kijaze maji, kiache yazame yote, kisha kijaze tena na upime yameshuka kiasi gani kwa saa moja. Yakishuka sentimita 20 au zaidi, uko kwenye mchanga au kinongo kizuri, chimba shimo lako. Yakishuka mbili tatu, umekalia kinamo, na shimo litakuwa bwawa la mbu. Jaribu masika, usijaribu Januari, kwa sababu udongo mkavu unadanganya. Na kama kisima cha jirani wakati wa masika maji yake yako mita moja tu kutoka juu, acha kabisa, shimo litajaa kutoka chini.

Mawili usiyafanye. Usielekeze maji ya paa kwenye shimo la choo, hata kama fundi anasema lina nafasi. Mvua moja itafurisha kinyesi uani kwako na kwa jirani, na kipindupindu hakijui mpaka wa kiwanja. Na usichimbe shimo la kunyonya karibu na kisima cha kunywa, hasa mkiwa juu ya jiwe la matumbawe. Jiwe lile lina mianya, maji yanapita humo bila kuchujwa.

Kizingiti cha mlango unaweza kukipandisha, na mfuko wa mchanga ukae tayari. Hiyo ni kinga ya nyumba yako peke yake na haimuumizi mtu, mradi usijenge ukuta unaozuia njia ya asili ya maji, kwa sababu hapo mafuriko yako yanahamia chumbani kwa mwenzako na kesi inahamia kwa sheha.

Hatua inayohitaji mtu wa kuja kuona kwa macho ni ya mtaro. Kabla ya mchango kufika kwa fundi, mwombeni sheha awapeleke Baraza la Manispaa, mpate mhandisi wa kupima miteremko hadi mdomo wa mwisho. Nyinyi wenyewe mnaweza kuanza na ule mpira wa maji wa mafundi wa kupimia usawa, na mara nyingi unatosha kugundua pahala ambapo mtaro unapanda badala ya kushuka. Ita mtu haraka zaidi ukiona ufa mpya unaopita kona ya dirisha kwenda chini, sakafu inayolia tupu ukiigonga, au ardhi inayodidimia kando ya mtaro, maana hapo maji yanakula udongo chini ya msingi. Na mvua ijayo, ukiwa umekaa mahali salama, andika saa mvua ilipoanza kumwaga, saa maji yalipofika kileleni, na weka alama ya chaki ukutani yalipoishia. Mhandisi atakayekuja atazihitaji hizo kabla hajatoa kipimo chake mfukoni.